Ukija kufanya kazi Mombasa, hesabu siku kabla hujahesabu kodi

Mdogo wangu, mtoto wa mamangu mdogo, alinipigia simu akiwa Nakuru mwanzo wa Juni 2025, sauti inaruka kwa furaha, amepata kazi ya karani wa hesabu kwa ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, ofisi yenyewe iko huku mjini kisiwani. Akaniambia, "Dada, nina elfu arobaini na nane nimeweka. Nyumba elfu kumi, dipoziti elfu kumi, basi elfu mbili. Nabaki na ishirini na sita mkononi, si ntakuwa sawa?"

Nikamuuliza kitu kimoja tu, mshahara wa kwanza unaingia lini. Akanijibu mwisho wa mwezi. Nikamuuliza mwezi gani, hapo akanyamaza.

Hapo aliponyamaza ndipo watu wengi wanaohamia hapa hukwama. Mtu anapiga hesabu ya vitu, kodi, dipoziti, nauli, godoro, anajumlisha anaona pesa inatosha, lakini hajahesabu siku. Na pesa ya kuhamia kazi kwa kweli ni pesa ya kukuvusha kutoka siku unayoshuka basi Mwembe Tayari mpaka siku mshahara mzima wa kwanza unapoingia kwa simu yako. Ukijua hizo siku ni ngapi, mengine yote yanajipanga. Usipojua, hata laki moja inaweza kuisha njiani na hujaelewa imeenda wapi.

Nikamwambia apige simu kule kazini aulize swali dogo la heshima tu, peiroli inafungwa tarehe ngapi. Manake makampuni mengi hayapigi hesabu ya mishahara tarehe thelathini, yanaanza mapema, orodha inafungwa katikati ya mwezi, na mtu akiripoti baada ya hio tarehe jina lake linaingia mwezi unaofuata. Akauliza. Wakamwambia inafungwa tarehe 15. Yeye barua yake ilisema aripoti Jumatatu tarehe 16 Juni. Siku moja tu! Yani zile siku kumi na tano za Juni atafanya kazi, atalipwa, lakini pesa yake itakuja pamoja na ya Julai, tarehe 31 Julai. Na alikuwa anapanga kuingia Mombasa Alhamisi tarehe 12. Kutoka tarehe 12 Juni mpaka 31 Julai ni siku arobaini na tisa. Yeye alikuwa amejipangia kichwani kama siku kumi na nane hivi.

Ukiona uko kwa hali kama hio, kwanza kabisa uliza kama unaweza kuripoti siku chache mapema. Yeye aliuliza wakakataa, mtu aliyekuwa kwa hicho kiti alikuwa hajatoka, basi. Lakini kuuliza hakugharimu kitu na kuna wenye wamekubaliwa. Halafu soma barua ya kazi pale kwenye nyumba. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inamtaka mwajiri akupe makao ya kufaa au akulipe pesa ya kutosha kodi juu ya mshahara, lakini inaruhusu pia mkataba uwe na mshahara wa jumla ambao pesa ya nyumba imo ndani tayari. Wengi wanasikia "elfu arobaini" wanadhani kuna na ya nyumba pembeni. Ya mdogo wangu ilikuwa arobaini yote kwa pamoja, hakuna ya pembeni.

Na hio arobaini haifiki mkononi. Kwa makato yalivyokuwa 2025, NSSF ya uzeeni ilichukua 2,400, SHIF ya matibabu 1,100, ile ya nyumba za serikali 600, na PAYE, yani ushuru wa mshahara, kama 3,150. Inayobaki ni karibu 32,700. Hio ndio pesa ya kupangia nyumba, usipangie arobaini.

Sasa tukaja kwa nyumba yenyewe, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu kuna vitu viwili vinachanganywa.

Yeye alikuwa ashaipata moja kwa simu, bedsita Mtwapa, tailzi zinang'aa, kodi 7,500. Alikuwa ashaipenda. Nyingine alikuwa ameona ya Tudor, huku huku kisiwani, ndogo zaidi, rangi imechoka, elfu kumi. Kwa macho Mtwapa imeshinda. Lakini Mombasa imekaa vibaya kwa mtu anayesafiri kila siku, mji wenyewe ni kisiwa, na milango yake ni michache, kaskazini unaingilia daraja la Nyali, magharibi unaingilia Makupa na Kipevu, kusini ni feri ya Likoni. Kila asubuhi watu wote wa nje wanajipenyeza kwa milango hio hio. Mtwapa yenyewe iko Kaunti ya Kilifi, lazima upite Shanzu na Bamburi mpaka daraja la Nyali, na hio barabara wakati ule kazi ya upanuzi ilikuwa imeendelea miaka, jam yake wanaijua wanaopita. Siku ya mvua nauli inapanda bila mtu kukuuliza.

Tukachukua nauli ya wakati ule, kama 120 kwenda na 120 kurudi, siku ishirini na sita za kazi kwa mwezi manake yeye anaingia na Jumamosi. Inatoka 6,240. Jumlisha na kodi 7,500 unapata 13,740. Ile ya Tudor, tuktuk au matatu shilingi 50 kwenda na 50 kurudi, ni 2,600 kwa mwezi, ukijumlisha na kodi elfu kumi unapata 12,600. Kwa hivyo nyumba ya bei ghali ndio iliyokuwa rahisi, tena bila kuhesabu masaa mawili ya jam. Na siku pesa imekata kabisa, kutoka Tudor mpaka mjini mtu anatembea, Mtwapa hutembei.

Ndio nasema nauli ni kodi ya pili, iandike kando ya kodi ya kwanza kwa mstari mmoja kabla hujasema nyumba fulani ni ya bei nafuu. Likoni nayo watu huniuliza, manake kuvuka feri kwa miguu ni bure. Ni kweli ni bure, lakini tizama kama nyumba iko karibu na kivuko au utachukua matatu upande ule, ushuke, uvuke, halafu uchukue nyingine upande huu. Ukiwa na matatu mbili asubuhi na mbili jioni ile bure ya feri imekwisha. Na kama kazi yenyewe iko Changamwe au Miritini basi hesabu inageuka tena, hapo mtu akae Mikindani, Magongo au Chaani, aje kisiwani kwa matembezi tu.

Alipofika, basi la usiku lilimshusha Mwembe Tayari asubuhi mapema. Nilimwambia achukue la usiku makusudi. Treni ya SGR ni nzuri, daraja la kawaida nauli ilikuwa 1,500 kutoka Nairobi, unakata kwa *639#, lakini ukitokea Nakuru lazima ufike kwanza Syokimau, na ukishuka huku stesheni iko Miritini, nje ya mji, sasa ukiingia na ile ya usiku na mabegi mawili matatu utatafutiwa teksi na bei utapangiwa. Mwenye kutoka Nairobi achukue ile ya asubuhi, afike mchana na jua liko, apande matatu. Kwa wa Nakuru basi moja la moja kwa moja lilikuwa na maana zaidi.

Akaja na begi mbili na gunia la vyombo. Blanketi kubwa la Nakuru nilimkataza, hapa shuka inatosha na kuna miezi hata shuka hutaki. Mtungi wa gesi pia nilimkataza, kusafiri na gesi ndani ya gari la abiria ni hatari, na mtungi mdogo unapatikana huku kila mtaa. Jumla ya safari yake, basi, mzigo, tuktuk ya kutoka stendi, na nauli za zile siku tatu za kuzunguka kutafuta nyumba, ilikuwa elfu nne. Zile za kuzunguka watu hawaziandiki kabisa na zilikuwa 1,200.

Alilala kwangu hizo siku tatu. Kama huna mtu, weka pesa ya gesti ya siku nne kwa hesabu kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu usipoiweka utafanya kosa la kulipia nyumba kwa simu ukiwa bado uko kwenu. Yeye mwenyewe alikuwa karibu kulifanya. Yule mtu wa Mtwapa, dalali wa kwenye mtandao, alimwambia nyumba ina watu wengi wanaitaka, atume elfu tatu ya kuishikilia. Hakutuma. Ijumaa tulienda, tukaulizia mpaka tukaifikia ploti yenyewe, tailzi zile zile za kwenye picha, tukampata keteka anamwagia maua maji, akatuambia hio nyumba ina familia ndani yake mwaka wa pili sasa na hakuna aliyetoa notisi. Yule dalali tukimpigia simu hashiki tena. Elfu tatu ingekuwa imekwenda. Sheria yangu ni kwamba shilingi haitoki mpaka mguu wangu umekanyaga ndani ya chumba chenyewe, nimezungumza na anayeishi mlango wa pili, na jina linalokuja kwenye M-Pesa kabla sijabonyeza kutuma ni lile lile lililoko kwa karatasi ya makubaliano.

Ya Tudor tulioneshwa na dalali wa mtaani, mtu anayejulikana, tukampa elfu tatu baada ya makubaliano, alitaka kodi nzima ya mwezi mmoja. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima anakaa chini, sisi tunapanga juu.

Kabla ya kuzungumza pesa nilimwambia mdogo wangu afungue mfereji. Maji yakatoka. Akafurahi. Nikamwambia aonje kidogo na ulimi. Akakunja uso. Maji ya kisima, yana chumvi. Tukatoa kipande cha sabuni nilichokibeba kwa mkoba, akasugua mikono, povu haliji, sabuni inateleza tu inaacha uji mweupe. Hio ndio namna ya kujua bila kuuliza mtu. Maji kama hayo utaogea, utafulia kwa sabuni nyingi zaidi, utadekia na kumwagia choo, lakini ya kunywa na kupikia utanunua. Mji huu maji yake matamu yanatoka mbali, Mzima kule Taita Taveta, Baricho Kilifi, Marere Kwale, na hayatoshi, kuna mitaa mfereji wa kaunti unatoa siku mbili kwa wiki na kuna mitaa watu wamesahau. Kwa hivyo mwenye mkokoteni anapita na mitungi ya lita ishirini, wakati ule 30 mtungi mmoja, maji yakiadimika inapanda. Mtungi mmoja kwa siku ni karibu 900 kwa mwezi. Si pesa nyingi, lakini ni sehemu ya kodi ambayo hakuna mtu atakutajia, na ukikuta nyumba mbili bei moja, moja ina maji matamu, chukua hio.

Stima nayo ina mtihani wake. Kama mita ni ya tokeni, omba namba ya mita, nunua ya shilingi mia moja hapo hapo ukiwa umesimama mlangoni, paybill ni 888880 na akaunti ni ile namba ya mita. Soma meseji inayorudi. Ikiwa kuna deni la zamani kwenye mita utaliona linakatwa kwa pesa yako na yuniti zitakuwa chache ajabu. Mwambie mwenye nyumba alimalize kabla hujaingia, au mkate kwa kodi, muandikiane. Kama nyumba kadhaa zinatumia mita moja kubwa na kila mlango una mita ndogo, uliza yuniti moja anauza bei gani. Hapa mita ilikuwa ya chumba peke yake na haikuwa na deni.

Sasa ndio tukakaa na yule mama. Mdogo wangu akamwamkia, "Shikamoo mama," akajibu "Marahaba mwanangu, karibu," na mazungumzo yakawa mepesi. Yeye alitaka kodi ya mwezi mmoja, dipoziti ya mwezi mmoja, na elfu moja ya maji. Hio ndio desturi ya hapa kwa nyumba ndogo ndogo, mwezi na dipoziti mwezi, nyumba kubwa za Nyali na Kizingo utakuta miezi miwili na hata mitatu. Swali langu lilikuwa tarehe. Anaingia tarehe 15 Juni, je kodi ya kwanza inahesabiwaje?

Kuna njia mbili na watu hawaoni tofauti yake mpaka iwaume. Ya kwanza, unalipa mwezi mzima na mwezi wako unaenda 15 mpaka 15. Ya pili, unalipa nusu mwezi sasa, halafu unaingia kwa mpango wa wenzako, kodi nzima kila tarehe 5. Kwa mtu ambaye mshahara wake unaingia tarehe 31 Julai angalia inavyotoka. Njia ya kwanza unatoa kumi sasa na kumi tena tarehe 15 Julai, jumla ishirini kabla hujaona mshahara. Njia ya pili unatoa tano sasa na kumi tarehe 5 Julai, jumla kumi na tano. Tena ile ya pili inakuweka vizuri maisha yako yote ya pale, manake kodi inafuata mshahara kwa siku tano badala ya kukukuta katikati ya mwezi umebaki na mia nane. Tukaomba ya pili, mama akakubali bila shida.

Lakini muone hapo, kwa njia yoyote ile kuna kodi ya pili inayoingia kabla ya mshahara wa kwanza. Hio ndio iliyokuwa haimo kabisa kwa hesabu ya Nakuru.

Dipoziti nayo naomba mtu aielewe ni nini. Si kodi ya mwezi wa mwisho. Ni pesa yako anayoishika mwenye nyumba mpaka siku ukihama, akague, akate kilichovunjika na mara nyingi na rangi, akurudishie iliyobaki. Sasa pesa inayorudi huja kwa ushahidi. Risiti iandikwe dipoziti mstari wake, kodi mstari wake, maji mstari wake, isiandikwe jumla. Siku ile ile, kabla godoro halijaingia, piga picha kila ufa, kila kigae kilichovunjika, sinki, kitasa, waya zinazoning'inia, umtumie mwenye nyumba kwa WhatsApp, ukae na tarehe yake. Na uulize notisi ni muda gani, kawaida ni mwezi mmoja, ukihama bila notisi wengi wanakula dipoziti yote. Pale Tudor kulikuwa na ufa wa dirisha na kigae kimoja cha chooni, tukapiga, mama akajibu "nimeona mwanangu". Maneno mawili hayo yana thamani ya elfu kumi siku ya kuhama.

Usiku tukakaa kwa meza ya jikoni kwangu, tukaandika hesabu mpya kwa daftari. Nyumba mpaka mwisho wa Julai, nusu kodi, dipoziti, maji, dalali, na kodi ya Julai, elfu 29. Safari ile tushasema, elfu nne. Vitu vya kuanzia, godoro elfu tano, gesi ndogo na kichwa chake 4,500, ndoo na beseni na mtungi 1,200, sufuria na sahani 1,800, chandarua pazia balbu na kufuli 1,500, hio elfu 14. Chakula shilingi 250 kwa siku, siku arobaini na sita kuanzia tarehe 15, ni 11,500, na hio ni ya kupika nyumbani na kubeba kazini, si ya kula hotelini. Nauli ya kazi siku arobaini ni elfu nne. Maji, tokeni na bando elfu tatu.

Jumla 65,500. Yeye alikuwa na 48,000. Pengo la 17,500, na nilishukuru tumeliona tarehe 13 Juni tukiwa tumekaa, manake lingejitokeza lenyewe kama tarehe 10 Julai akiwa peke yake chumbani.

Pengo kama hilo wengi wanaliziba kwa mikopo ya simu, na hapo ndipo mambo yanaharibika, mkopo wa mwezi mmoja kwa mtu ambaye mshahara wake uko mbali zaidi ya mwezi unaiva kabla hujalipwa, unakopa mwingine kulipa wa kwanza. Tulitafuta kwanza ni malipo gani yanaweza kusogea tarehe bila kuongeza gharama, maana shida yetu haikuwa pesa haipo, pesa ilikuwepo, imechelewa tu.

Dipoziti ilikuwa ya kwanza. Asubuhi yake tukarudi kwa yule mama, mdogo wangu akamuonesha barua ya kazi yenye tarehe na mshahara, akamueleza wazi peiroli ilivyomruka, akaomba alipe dipoziti nusu sasa na nusu siku ya mshahara. Mama akaisoma barua yote, akavua miwani, akasema, "Mwanangu, bora umeniambia mapema. Wanaoniumiza ni wanaoniambia tarehe kumi." Akakubali, ikaandikwa kwa makubaliano. Elfu tano ikasogea. Ungemuomba mwenye nyumba kitu hicho hicho ukiwa tayari una deni lake asingekusikiliza.

Gesi ikawa ya pili. Nina jiko dogo la mafuta ambalo halitumiki, akalichukua. 4,500 ikasogea mpaka Agosti. Mafuta yake tulikadiria ndani ya pesa ya chakula, kwa hivyo samaki walipungua wiki mbili tatu, ndio ukweli.

Ya tatu ilikuwa kazini. Nilimwambia asiombe advansi siku ya kwanza, afanye kazi wiki mbili watu wamuone, halafu aende kwa mhasibu na hoja ya kweli, kwamba Juni ameshaifanyia kazi na pesa yake iko kwa kampuni. Hio si kuomba mkopo, ni kuomba sehemu ya jasho lake mapema, na mtu akiisema hivyo kwa utulivu anasikika. Wakampa elfu kumi tarehe 4 Julai, siku moja kabla ya kodi.

65,500 ukitoa hizo tano na 4,500 inabaki elfu 56, ukitoa kumi ya advansi inabaki 46. Alikuwa na 48. Akabaki na elfu mbili za akiba, nyembamba sana kwa kweli, na wiki moja ya Julai alipougua tumbo ilibidi nimnunulie dawa mimi. Mwenye uwezo aweke angalau elfu tano isiyoguswa, na kama hana mtu wa kumfaa mji mzima basi hata zaidi, au asogeze tarehe ya kuja.

Tarehe 31 Julai mshahara ukaingia, nusu Juni na Julai pamoja, elfu sitini kabla ya makato. Ikafika kama 45,300. Akanipigia amechanganyikiwa, kwa nini wamekata nyingi hivyo. Nikamwambia aangalie PAYE. Ushuru unapanda kwa ngazi, mwaka huo wa 2025 pesa ya kwanza 24,000 ilikatwa asilimia 10, inayofuata mpaka 32,333 asilimia 25, juu ya hapo mpaka laki tano asilimia 30, sasa ukirundikiwa mwezi na nusu kwa mara moja ile nusu ya Juni yote inaangukia ngazi ya asilimia 30, wakati ingelipwa Juni yenyewe isingekatwa PAYE hata shilingi, ingemalizwa na ile nafuu ya 2,400 ya kila mwezi. Tofauti yake ni zaidi ya elfu tano. Kwa hivyo mwenye kulipwa malimbikizo aulize peiroli mapema kama wataihesabu Juni kama Juni, na asiipangie matumizi pesa ya malimbikizo kabla hajaiona.

Kwenye hio 45,300 akarudisha advansi elfu kumi, akapeleka chini kwa mama elfu tano ya dipoziti na elfu kumi ya kodi ya Agosti kabisa siku tano mapema, akanunua gesi, akabaki na kama elfu kumi na tano hivi ya kula, maji na nauli. Jumamosi yake akanirudishia lile jiko la mafuta, amelisugua linang'aa, na risiti ya dipoziti ya pili ameikunja ndani ya bahasha moja na ile ya kwanza, akaniomba nimuwekee.